Popo na Maembe: Tuchume Mapema

Ukikuta asubuhi chini ya mwembe vidonge vya nyuzi vilivyotafunwa na kutemwa, mwizi ni popo. Yeye hufuata harufu ya embe linaloiva, basi tusimngojee. Angalia embe likishajaa mabega kupita kikonyo, pasua moja: nyama karibu na kokwa ikianza kuwa ya manjano, yale yanayolingana nalo yachumwe yakiwa bado magumu, yaivie ndani kwa wiki moja hivi. Nyama ikiwa nyeupe, ngoja. Likichumwa hivyo litanyauka bila utamu.

Mti mfupi tunaufunika kwa wavu. Sisi wa Homa Bay na Migori tunaokaa karibu na ziwa tusitupie nyavu kuukuu za samaki, maana uzi wake mwembamba humnasa popo, hata bundi, na anayemnasua ataumwa. Akiumwa, aoshe jeraha kwa sabuni dakika 15, kisha aende hospitali mara moja. Tafuta wavu wa uzi mnene, matundu yasipitishe kidole kidogo, uvutwe ukaze juu ya fito, ufungwe kwenye shina. Chandarua nacho kibaki kitandani, mbu wapo! Mwembe mrefu haufunikiki. Huo dawa yake ni kuchuma mapema. Embe lililoumwa na popo mtoto asile, hata ukikata upande ulioumwa.