Kusahihisha Ufahamu: Jibu Lako Linapotofautiana na Mwongozo

Katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili (102/2), ufahamu una alama 15. Wanafunzi wengi hufanya mazoezi ya karatasi za miaka iliyopita, kisha hujisahihisha kwa kutumia majibu yaliyo nyuma ya kitabu. Hapo ndipo hukosea kwa namna mbili: mmoja hujinyima alama kwa sababu maneno yake si yale ya mwongozo, mwingine hujipa alama kwa sababu jibu lake "linakaribiana". Tutumie kifungu kifupi kuona tofauti.

Soma:

Kijiji kilipochimbiwa kisima, wanawake waliokuwa wakitembea saa tatu kwenda mtoni walipata muda wa kulima mboga. Hata hivyo, ufunguo wa kisima ulikaa kwa mtu mmoja. Alifungua apendapo, na asiyekuwa na shilingi tano aliambulia patupu. Baada ya miezi michache, baadhi ya wanawake walianza tena kushika njia ya mto.

Swali: Kwa nini baadhi ya wanawake walirudi mtoni? (alama 2)

Mwongozo: (i) Kisima kilifunguliwa kwa matakwa ya mtu mmoja. (ii) Maji yalilipiwa, wasio na pesa hawakupata. 2×1

Kabla ya kutazama jibu la mwanafunzi, uondolee mwongozo maneno yake na ubaki na hoja. Hoja ya kwanza ni kwamba hapakuwa na uhakika wa kisima kufunguliwa, kwa kuwa uamuzi ulikuwa wa mtu mmoja. Ya pili ni kwamba asiye na pesa alikosa maji. Sasa tazama majibu manne.

Wa kwanza: "Mwenye ufunguo hakuwa na saa maalumu za kufungua, na maji yalitaka pesa ambazo wengine hawakuwa nazo." Hakuna neno "matakwa" hapa, lakini hoja zote mbili zimo. Alama 2. Kama angeandika "hakua na", hoja ingebaki na alama yake, ila msahihishaji angeweza kuondoa nusu alama kwa kosa la hijai. Makosa ya lugha huhesabiwa kando na hoja, usiyachanganye unapojisahihisha.

Wa pili: "Maji yaliuzwa na maskini hawakuweza kuyanunua." Sentensi ina vishazi viwili, hivyo wengi hujipa alama 2. Lakini bei na kushindwa kulipa ni hoja moja. Alama 1.

Wa tatu: "Mlinzi wa kisima alikuwa fisadi na aliwanyanyasa wanawake." Jibu hili ndilo huzua ubishi darasani, na mimi siliwekei alama. Kifungu hakisemi shilingi tano zilienda wapi. Huenda zilikuwa za kutengeneza pampu. Mwanafunzi ametoa hukumu juu ya mtu badala ya kueleza kilichowarudisha wanawake mtoni. Angeandika "aliwanyanyasa kwa kufungua alipotaka tu", angepata alama ya hoja ya kwanza, kwa kuwa hapo kuna tendo linaloonekana katika taarifa.

Wa nne: "Kisima kilikuwa kimefungwa na hawakuwa na pesa." Hoja ya pili ipo, ingawa kwa ufupi. Ya kwanza imebadilika maana: kisima kilichofungwa si sawa na kisima kinachofunguliwa mtu apendapo. Alama 1. Ukiwa na shaka kuhusu jibu kama hili, lirudishe kwenye kifungu na uulize kama sentensi ya mwandishi ingebaki ya kweli pamoja nalo. Kama kisima kilikuwa kimefungwa tu, "alifungua apendapo" ingekuwa uongo.

Mwongozo wenyewe mara nyingi huruhusu tofauti. Mkwaju kati ya maneno mawili una maana kwamba lolote kati yao linatosha, na maneno kama "mtahini akadirie" humwachia msahihishaji nafasi ya kupima hoja iliyosemwa kwa njia nyingine.

Nafasi hiyo hupungua katika swali la msamiati. Ukiulizwa maana ya "aliambulia patupu" jinsi ilivyotumika, "hakupata chochote", "alikosa" na "aliondoka mikono mitupu" yote yanafaa. "Alipata hasara" halifai, kwa kuwa huyu hakupoteza kitu, alikosa tu. "Kukosa" lina maana sahihi, lakini umbo lake halilingani na "aliambulia", na ni afadhali usimpe msahihishaji sababu ya kusita.

Na swali likisema "andika neno kutoka kwenye kifungu lenye maana ya 'kadhaa'", hakuna cha kukadiria. Ni "baadhi" au sufuri, hata ukileta kisawe kizuri namna gani kutoka kichwani mwako.