Kadi Kubwa kwenye Laptopu Nyembamba: Jinsi ya Kuunganisha Kasha la Nje

Kasha la nje huiwezesha laptopu nyembamba kutumia kadi ya picha ya kompyuta ya mezani, lakini data yote hupita kwenye kebo moja. Thunderbolt 3 hutangazwa kwa gigabiti 40 kwa sekunde, ila zinazobaki kwa kadi ni kama 22, yaani takriban GB 2.75. Kadi hiyohiyo ikichomekwa kwenye ubao wa kompyuta ya mezani inaweza kupata zaidi ya GB 30.

1. Kagua tundu. Si kila tundu la USB-C linafaa. Tafuta alama ya radi, kisha uthibitishe kwenye maelezo ya mtengenezaji. Mac zenye chipu za M hazikubali kadi za nje.

2. Pima kadi na umeme. Hakikisha kadi inaenea ndani ya kasha. RTX 3060 hula wati 170. Kasha likiwa linachaji laptopu pia, ongeza wati 60 hadi 100.

3. Unganisha. Kila kitu kikiwa kimezimwa, sukuma kadi hadi ikae sawasawa, chomeka nyaya zake za umeme na ukaze skrubu. Tumia kebo fupi iliyokuja na kasha, moja kwa moja hadi kwenye laptopu. Washa kasha, kisha laptopu, uweke draiva. `Code 12` ikionekana kwenye `Device Manager`, laptopu imekosa rasilimali za kuipa kadi. Sasisha BIOS, au jaribu tundu jingine.

4. Chomeka monita kwenye kadi. Ukitumia skrini ya laptopu, kila fremu lazima irudi kupitia kebo ileile. Fremu ya 1920×1080 ina takriban MB 8. Fremu 60 kwa sekunde ni karibu nusu GB ya mzigo wa kurudi. Monita iliyochomekwa kwenye kadi huondoa safari hiyo.

5. Tafuta kinachokwamisha. Cheza gemu kwa 2560×1440 na uangalie idadi ya fremu, kisha shuka hadi 1920×1080. Zikiongezeka sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa. Zisipoongezeka, tatizo liko kwenye kebo au prosesa, na kununua kadi kubwa zaidi hakutasaidia.

6. Jua kazi inayofaa. Blender hupakia mandhari kwenye kadi, kisha kadi hukokotoa yenyewe kwa muda mrefu, kwa hiyo hasara ni ndogo. Gemu hutuma amri na data kwa kila fremu. Kadiri unavyotaka fremu nyingi, ndivyo kebo inavyobana, na prosesa ndogo ya laptopu nyembamba huongeza mkwamo. Anayetaka fremu 144 kwa sekunde afadhali anunue kompyuta ya mezani. Anayechora kwa Blender na kucheza kwa fremu 60, kasha litamfaa.