Mtihani unaogongana si ule ulioniandikia

Shangazi, niko mwaka wa pili wa uhasibu, Dodoma, na nina kerii mbili za mwaka wa kwanza. Nimekutumia skrinishoti za ratiba zote mbili, nilizozitoa kwenye grupu la darasa. Alhamisi tarehe 9 Julai nina Sheria ya Biashara asubuhi, na Uchumi unaanza Sheria inapoisha. Nitafeli tena! Siku nyingine ziko sawa. Nifanyeje?
Mwenye kerii, Dodoma

Mwanangu, Alhamisi yako ni ngumu, lakini haina mgongano. Mgongano uko Jumatano, nawe umeupita bila kuuona.

Ratiba ya mwaka wa pili inaandika saa kwa mtindo wa 24: Takwimu, Jumatano tarehe 8, 14:00–17:00. Ratiba ya mwaka wa kwanza inaandika Hisabati za Biashara siku hiyohiyo, 2:00–5:00, bila kusema asubuhi wala mchana. Naona wewe ulisoma saa mbili asubuhi, kama sote tunavyosoma saa zetu, ukaona mtihani mmoja ni wa asubuhi na mwingine wa mchana. Sasa tazama mistari mingine ya picha hiyohiyo. Uchumi umeandikwa 11:00–2:00. Kwa saa zetu, mtihani huo ungeanza saa kumi na moja jioni na kwisha saa mbili usiku, jambo ambalo halipo chuoni kwenu. Kwa hiyo picha nzima imeandikwa kwa saa za kizungu, na hiyo 2:00 ni saa nane mchana. Hisabati na Takwimu zinaanza pamoja na kwisha pamoja.

Kabla ya kuhesabu masaa, andika ratiba zote mbili upya kwenye karatasi moja, kwa saa za aina moja, siku baada ya siku. Mitihani miwili inagongana pale kila mmoja unapoanza kabla mwenzake haujaisha. Sheria inaisha saa tano na Uchumi unaanza saa tano, kwa hiyo kwa kipimo hicho haigongani. Tatizo lake ni kuhama ukumbi bila hata dakika ya kunywa maji, na hilo nalo lina haki ya kuombewa.

Nimeona jambo jingine. Juu ya picha ya mwaka wa kwanza kuna neno DRAFT lililokatwa nusu na aliyeipiga. Tena Jumanne tarehe 7 kuna mtihani, ilhali hiyo ni Sabasaba, sikukuu ya taifa. Aliyeipanga hakupitisha macho kwenye kalenda, na mtihani huo ukihamishwa unaweza kusukuma mingine. Hiyo ni habari njema kwako: rasimu inarekebishika, ratiba ya mwisho hairekebishiki kirahisi.

Ni mtihani upi uombe uhamishwe? Wengi hukimbilia kuomba ule wa kerii. Mimi nakwambia uombe Takwimu. Hisabati za Biashara hufanywa na mwaka wa kwanza wa programu nyingi, na ukiusogeza unazalisha migongano mipya kwa watu usiowajua. Takwimu, kwa mujibu wa picha yako, ni ya darasa lenu tu. Pendekeza Ijumaa tarehe 10 mchana, ambapo ratiba zako zote mbili ni tupu, na uweke Jumanne tarehe 14 asubuhi kama chaguo la pili. Uchumi uuombee uanze saa nane mchana badala ya saa tano. Wakikataa, omba angalau ukumbi wa jengo moja na Sheria.

Wakikubali, mpangilio wako utakuwa hivi: Jumatatu tarehe 6 Uhasibu wa Gharama, Jumatano mchana Hisabati, Alhamisi asubuhi Sheria, mchana Uchumi, Ijumaa mchana Takwimu, kisha Usimamizi wa Fedha tarehe 13 na Kodi tarehe 15. Siku tatu mfululizo zitakuchosha, kwa hiyo Sheria na Uchumi uzisome kabla ya tarehe 6. Sabasaba iwe ya Hisabati peke yake.

Wasipohamisha, vyuo vingine humwacha mwanafunzi afanye mitihani yote miwili siku hiyohiyo, mmoja baada ya mwingine, akiwa chini ya ulinzi katikati ili asikutane na wenzake waliokwisha kuona maswali. Vingine huahirisha mmoja hadi kipindi cha sapu. Waulize chuo chenu kinafanya lipi, na jibu walitoe kwa maandishi.

Nenda mwenyewe ofisi ya mitihani, usimtume kiongozi wa darasa. Chukua barua ya ukurasa mmoja yenye namba yako ya usajili, misimbo ya kozi zote mbili, tarehe, saa na yale machaguo mawili. Ambatisha ratiba iliyobandikwa ubaoni, si skrinishoti ya grupu. Nenda kesho, kabla DRAFT haijafutwa.