Ombi la Usajili wa Ualimu Limekataliwa kwa Kukosa Hati: Barua Yako Iseme Nini?

Mhitimu wa ualimu kutoka Siyu au Kizingitini hawezi kuajiriwa kuwa mwalimu nchini Kenya kabla ya kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, yaani TSC. Ndivyo isemavyo Sheria ya TSC ya 2012. Haya ndiyo maswali yanayoulizwa ombi linaporudi na jibu kwamba hati hazikutimia.

Je, kila ombi lililorudi linahitaji barua?

La. Soma kwanza maneno yaliyo kwenye akaunti yako. Kama ombi limerudishwa ulirekebishe, pakia hati inayotakiwa na ulitume tena. Barua itakuchelewesha bure. Barua inahitajika faili likiwa limefungwa, au unapoamini kuwa hati ilikuwamo na haikuonekana.

Na kama hawakutaja hati gani imekosekana?

Uliza kwa maandishi kabla ya kujitetea. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi ya umma haki ya kupewa sababu zilizoandikwa. Sheria ya 2015 inayotekeleza kifungu hicho inaiwekea ofisi muda maalumu wa kujibu tangu ipokee ombi lako. Ofisi ikinyamaza na shauri likafika mahakamani, mahakama itachukulia kuwa uamuzi ulifanywa bila sababu nzuri, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Ni hati zipi za kuangalia?

Angalia fomu ya afya ya GP 69 kama ina sahihi na muhuri wa daktari. Angalia cheti cha tabia njema: fomu ya C24 yenye alama za vidole si cheti, ni ombi la cheti tu. Matokeo ya chuo nayo yawe na kurasa zote, kwa maana saiba wengine huskani ukurasa wa kwanza na kuishia hapo.

Lakini linalowasumbua watu wa visiwani zaidi, kwa maoni yangu, ni jina. Cheti cha KCSE kimeandika Fatuma, kitambulisho kimeandika Fatma na kuongeza jina la babu, na cheti cha chuo kimegeuza mpangilio. Nyumbani kila mtu anajua ni mtu mmoja. Karani wa Nairobi anaona watu watatu, na hana ruhusa ya kukisia. Hapo hati iliyokosekana ni ya kiapo. Utaapa mbele ya kamishna wa viapo, na wengi wao ni mawakili, kwamba majina yote hayo ni yako. Kila jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye hati yake. Hati ya kiapo ikiacha hata namna moja ya kuandika jina, utarudishwa tena.

Barua yenyewe iweje?

Iwe ya ukurasa mmoja. Kiswahili ni lugha rasmi, hivyo una haki ya kukitumia. Mfano wa mhitimu mwenye tatizo la jina:

*KUH: Kufikiria upya ombi la usajili nambari ……*

*Ombi langu lilikataliwa tarehe …… kwa sababu majina kwenye cheti cha KCSE na kitambulisho hayalingani. Ni kweli sikuambatisha hati ya kiapo. Sasa naiambatisha, iliyoapwa tarehe ……, pamoja na nakala za vyeti vyote vinavyotajwa ndani yake. Hati nyingine mlizopokea hazijabadilika. Naomba ombi hilohilo lifunguliwe na lishughulikiwe bila mimi kuanza upya wala kulipa tena.*

Hakuna kisa cha umaskini humo wala lawama kwa saiba. Kama ulichelewa kwa sababu ya bahari, taja tarehe na ueleze kwa sentensi moja: mashua za kutoka Pate kwenda Amu hupita Mlango wa Mkanda kwa kufuata maji kujaa, na kusi ikivuma safari huahirishwa. Kama hati ilikuwamo tangu mwanzo, usiombe radhi. Ambatisha uthibitisho wa kuipakia.

Niipeleke wapi?

Ielekeze kwa makao makuu ya TSC, kisha upeleke nakala mbili kwa ofisi ya TSC ya kaunti. Moja ibaki huko, nyingine igongwe muhuri wa tarehe ya kupokewa na urudi nayo. Bila muhuri huo huwezi kuhesabu siku.

Wakikaa kimya?

Andika barua fupi ya kukumbusha, uambatishe nakala yenye muhuri. Bado kimya? Peleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, CAJ, ambayo huchunguza ucheleweshaji wa ofisi za umma. Huhitaji wakili kulalamika huko. Tume hiyo haiwezi kukusajili, na haitakusaidia kama hati yenyewe bado hujaitoa.