Uswidi Hutoza Kodi Zaidi ya Marekani: Kwa Nini Wapiga Kura Wake Hukubali?

Kila nchi tajiri ina pensheni na misaada ya aina fulani. Tofauti yao iko wapi?

Iko kwenye swali la nani anastahili kupewa. Mwaka 1990 mwanasosholojia wa Denmark, Gøsta Esping-Andersen, aliyagawa mataifa tajiri katika makundi matatu, na mgawanyo wake ungali unatumika ingawa umekosolewa sana. Marekani ni mfano wa kundi la kwanza: serikali husubiri mtu ashindwe sokoni, humpima kipato chake, kisha humsaidia kidogo. La pili ni la Ujerumani na jirani zake, ambako tangu sheria za Bismarck za miaka ya 1880 mafao hufuata kazi na michango, hivyo aliyelipwa vizuri kazini hustaafu vizuri pia. Kundi la tatu ni la nchi za Skandinavia. Huko posho ya mtoto, hospitali na nafasi katika shule ya chekechea ni haki ya kila mkazi, awe mhudumu wa hoteli au mkurugenzi wa benki. Uswidi hukusanya kodi inayofikia takriban asilimia 41 ya pato la taifa. Marekani hukusanya takriban asilimia 26. Pengo hilo ni kubwa mno kuelezwa kwa tabia ya upole tu.

Bila shaka Uswidi huwakamua matajiri wake?

Hapo ndipo wengi hupotea. Uswidi ilifuta kodi ya mirathi mwaka 2004 na kodi ya utajiri mwaka 2007, ilhali Marekani hadi leo hutoza kodi mirathi mikubwa. Kodi ya faida za kampuni inakaribiana katika nchi zote mbili: asilimia 20.6 Uswidi, na 21 kwa serikali kuu ya Marekani. Tofauti inatoka kwa mtu wa kawaida. Mswidi hulipa kodi ya mapato ya halmashauri ambayo kwa wastani ni takriban asilimia 32, na mwajiri wake huongeza michango ya zaidi ya asilimia 31 juu ya mshahara. Akienda dukani, bidhaa nyingi hubeba kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 25. Serikali kuu ya Marekani haina kodi hiyo ya mwisho hata kidogo. Majimbo yana kodi zao za mauzo, lakini ni za chini sana kuliko hiyo. Kwa hiyo ukitazama upande wa kutoza peke yake, ni Marekani inayoelemea zaidi kwa wenye nacho. Usawa wa Uswidi hupatikana upande wa kutoa.

Inawezekanaje kupunguza pengo la kipato kwa kumpa kila mtu, hata tajiri?

Hesabu ndogo inatosha. Chukua wananchi watatu wenye mapato ya shilingi milioni 10, 30 na 80 kwa mwaka. Watoze wote asilimia 40: watatoa milioni 4, 12 na 32, jumla 48. Igawe sawasawa, kila mmoja apate milioni 16. Sasa wana 22, 34 na 64. Mwanzoni wa juu alimzidi wa chini mara nane. Sasa hamfikii mara tatu. Jaribu njia ya pili, ya kuwalenga maskini peke yao: watoze wawili wa juu asilimia 10 na umpe wa chini zote. Zinapatikana milioni 11, na wanabaki na 21, 27 na 72. Shilingi kwa shilingi, njia hii ina ufanisi zaidi, kwani maskini amefika karibu palepale kwa fedha chache mno. Lakini mtazame wa katikati. Katika njia ya kwanza alitoka 30 akafika 34. Katika ya pili ameshuka hadi 27. Na huyo wa katikati ndiye anayeamua uchaguzi. Akipoteza, mwaka ujao atampigia kura anayeahidi kupunguza misaada. Akipata, atautetea mfumo hata kama kodi yake imepanda mara nne. Watafiti Walter Korpi na Joakim Palme walilieleza jambo hili mwaka 1998 baada ya kulinganisha nchi tajiri: zilizolenga maskini tu zilikuwa na bajeti ndogo ya kugawa, na mwishowe zilipunguza umaskini kidogo.

Kama hesabu ni nyepesi hivyo, kwa nini Marekani haikuifuata?

Kwa sababu tabaka lake la kati lilipata kinga mahali pengine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ilidhibiti mishahara, nao waajiri wakavutia wafanyakazi kwa kuwalipia bima ya afya, ambayo haikukatwa kodi. Vita vilipokwisha, mamilioni ya familia tayari zilikuwa na matibabu kupitia kiwanda au kampuni, na hazikuona haja ya kudai hospitali za serikali. Uswidi ilipita njia nyingine. Mwaka 1933 chama cha wafanyakazi kiliafikiana na chama cha wakulima: hawa walipata ulinzi wa bei za mazao, wale wakapata fedha za kupambana na ukosefu wa ajira. Mafao yaliyotokana na siasa za namna hiyo yalilazimika kumgusa mkulima na mfanyakazi kwa pamoja. Wala utajiri haukutangulia: pensheni ya taifa zima ilipitishwa huko mwaka 1913, wakati Waswidi wengi walikuwa wamekimbilia Marekani kutafuta riziki.

Wapo wasemao Waswidi waligawana kwa sababu walikuwa wachache na wa asili moja. Je?

Hoja hiyo ina uzito. Wachumi Alberto Alesina na Edward Glaeser walionyesha kwamba ubaguzi wa rangi umedhoofisha sana moyo wa kugawana Marekani, na sheria ya pensheni ya 1935 yenyewe iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, ambao wengi katika majimbo ya kusini walikuwa Weusi. Hata hivyo, itazame Marekani hiyohiyo, yenye watu walewale. Posho ya akina mama maskini wenye watoto ilifutwa kama haki mwaka 1996, kwa saini ya rais wa chama cha Demokrasia. Pensheni ya wazee na bima yao ya afya ya 1965, ambazo humfikia karibu kila mzee, bado zipo, na wanasiasa wa pande zote huogopa kuzigusa. Ubaguzi uliamua nani aachwe nje mwanzoni; kilichoamua mpango upi udumu ni nani aliyekuwa ndani. Hata hivyo, kanuni hii si chuma. Australia hupima kipato kwa karibu kila fao na bado hugawa kwa kiasi cha kuheshimika, kwa kuwa vipimo vyake kwa sehemu kubwa huwaondoa wenye nacho badala ya kuwachambua wa chini kabisa. Mtu wa kati hubaki ndani.

Je, kwetu Afrika Mashariki mambo haya yanaonekana?

Yanaonekana kwa kiwango kidogo. TASAF ya Tanzania huchagua kaya maskini. Zanzibar, tangu 2016, humlipa pensheni kila mzee mkazi aliyefikisha miaka 70, bila kuuliza aliwahi kuchangia au la. Kwa hoja niliyoijenga hapa, mbunge akikabwa na bajeti, mpango wa kaya maskini ndio ulio rahisi zaidi kukatwa.