Maswali Kabla ya Picha: Somo kwa Kamati Inayoagiza Bango

Siku hizi wasanifu wa mabango wengi hutengeneza picha kwa programu za akili mnemba. Msanifu huandika maelezo kwa maneno, nayo programu huchora. Maelezo hayo huitwa prompti. Kamati za parokia hukutana na jambo hili pale zinapopeleka kazi kwa msanifu na, badala ya kupata picha, zikarudishiwa barua ya maswali. Wajumbe wengine huona ni usumbufu. Katika somo hili tutapitia maswali hayo kwa mfano, ili ionekane kwa nini kila moja linaulizwa.

Tuseme kamati ya maji huko Masieda, wilayani Mbulu, imeandika hivi: "Tunaomba bango zuri la mradi wetu wa maji. Lionyeshe maendeleo na umoja, liwe la kuvutia." Sentensi hiyo akipewa mchoraji wa Mbulu ataielewa, maana anapajua mahali na watu wake. Programu haipajui. Ilijifunza kwa kulinganisha mamilioni ya picha na maneno yaliyoandikwa kando yake, na kila unaponyamaza hujaza pengo kwa kile ilichokiona mara nyingi. Ukiiambia "kijiji cha Afrika, maji, maendeleo", mara nyingi itakupa vibanda vya nyasi, mgunga wenye kichwa bapa, jua jekundu linalozama, na mtoto anayecheka chini ya bomba linalomwaga maji. Hakuna mtu wa Masieda atakayesema hapo ni kwao.

Barua ya msanifu makini basi ingekuwa kama hii:

"Ndugu Mwenyekiti, Tumsifu Yesu Kristo. Nimepokea maombi yenu, asanteni. Kabla sijaanza naomba mnisaidie mambo machache.

Kwanza, mtu akishalisoma bango hili mnataka afanye nini? Achange fedha, aje kuchimba mtaro, au ajue tu kwamba mradi upo? Na atalisomea wapi, kwenye ukuta wa kanisa au kwenye barua kwa wafadhili?

Pili, maendeleo na umoja siwezi kuvichora. Nikisimama Masieda siku ya kazi nitaona nini kwa macho? Nani yupo, amevaa nini, ameshika nini mkononi, ni mwezi gani? Mkitaja vitu vingi, chagueni kimoja ambacho bango haliwezi kuwepo bila hicho.

Tatu, kituo cha kuchotea maji kimeshajengwa, au bado?

Nne, kuna kitu ambacho hakitakiwi kabisa kuonekana?

Tano, bango litachapwa kwa ukubwa gani, na maneno yake ni yapi? Maneno nitayaweka mwenyewe baadaye, ila ni lazima niyaachie nafasi."

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote, na wafadhili wanaosoma ukurasa huu watalielewa mara moja. Programu huchora bomba linalotoa maji kwa urahisi uleule inaochora jiwe. Kama kituo hakijajengwa, picha inayofanana na ya kamera na yenye maji yanayotiririka itasomwa na mtu wa mbali kama taarifa ya utekelezaji, hata kama kamati haikukusudia hivyo. Ndiyo maana msanifu anataka jibu kwanza, ndipo aamue mtindo. Kwa kitu ambacho bado hakipo, anachagua mchoro wa wazi wa rangi ambao hakuna atakayeudhani kuwa picha ya kamera. Kwa kitu ambacho kipo, ushauri wake bora ni kwenda na simu kukipiga picha.

Tuseme kamati inajibu: bango ni la kuwaita waumini kuchimba mtaro wa bomba siku ya Jumamosi, mwezi Julai. Litabandikwa ukutani, ukubwa wa A3. Kituo bado. Watu watakuja na sururu na makoleo, na kwa baridi ya Julai kwenye nyanda za juu za Mbulu watavaa masweta na makoti. Walitaka pia punda wenye madumu, kanisa na watoto wa shule, lakini baada ya kuulizwa wamechagua mtaro. Hawataki watu waliovaa kama Wamasai, kwa kuwa wao ni Wairaqw na kila bango la Manyara huletewa mashuka mekundu.

Sasa msanifu anaweza kuandika prompti. Kwa Kiswahili inasomeka hivi: "Mchoro wa rangi za maji kwenye karatasi. Nyanda za juu za Mbulu, kaskazini mwa Tanzania, asubuhi ya Julai, mawingu mepesi, nyasi zilizokauka. Wanaume watatu na wanawake wawili, watu wazima, wamevaa masweta, makoti na vitenge, wanachimba kwa sururu na makoleo mtaro mwembamba unaofika magotini. Kando yao kuna bomba jeusi la plastiki lililoviringwa. Nyuma kuna nyumba za matofali zenye mapaa ya bati. Theluthi ya juu ya mchoro ni anga tupu."

Angalieni kwamba Wamasai hawakutajwa. Ukiandika "pasiwe na Wamasai", programu nyingi hushika neno Wamasai na kuwaleta. Dawa ni kutaja kinachotakiwa kuwepo: sweta, koti, kitenge. Programu nyingine zina sehemu maalumu ya kukataza. Katika Midjourney, kwa mfano, visivyotakiwa huandikwa mwishoni baada ya `--no`, na umbo la karatasi hupangwa kwa `--ar 5:7`, ambalo linakaribiana sana na A3. Msanifu wengi pia hutafsiri prompti kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ambayo programu hizi zimejifunza zaidi. Hapo "sururu" na "mtaro" vinahitaji uangalifu, la sivyo mtaro utarudi ukiwa mto.

Ukubwa nao si jambo dogo. Picha yenye nukta 1,024 kwa upana, kipimo cha kawaida kwa programu hizi, ikitandazwa kwenye A3 yenye upana wa milimita 297 inabaki na nukta 88 hivi kwa kila inchi. Uchapaji mzuri huhitaji karibu 300. Kwenye simu ya mwenyekiti itang'aa, ukutani itakuwa na ukungu. Kwa mchoro wa rangi za maji ukungu kidogo huvumilika, lakini msanifu bado atalazimika kuikuza kwa programu nyingine kabla ya kuipeleka kwa mchapaji.

Picha za kwanza zikirudi, kamati izikague kwa macho ya wachimbaji. Je, sururu ina mpini mmoja? Mikono inaushika kweli, na vidole ni vitano? Mtaro una mwanzo na mwisho, au unapotea chini ya miguu ya mtu? Koleo limegeuka jembe? Makosa kama haya hutokea sana, na mtu wa kijijini huyaona kabla ya msanifu wa mjini. Mkiyarudisha, andikeni kosa moja moja na mahali lilipo: "mwanamke wa kushoto, koleo lake halina mpini". Msanifu atabadili sehemu hiyo tu ya prompti, au atairekebisha kwa mkono. Mkiandika "haijatuvutia, jaribu tena", programu itachora watu wengine kabisa, na yale mliyokuwa mmeyapenda yatapotea pamoja na kosa.