Adui Aonekane, Simu Isigande: Setingi za PUBG Mobile kwa Simu ya Kawaida

Katika gemu za kufyatuliana risasi, vitu vingi vinavyoipa simu kazi nzito ndivyo hivyo hivyo vinavyomficha adui. Kivuli cha mti, mng'ao wa jua kwenye bati, vumbi linalotimka, mwangaza unaotapakaa kuzunguka taa: kila kimoja lazima chipu ikikokotoe upya kwa kila picha, na kila kimoja kinalipa jicho kitu cha kulihangaisha kabla halijamwona mtu aliyechuchumaa dirishani. Ndiyo maana mchezaji mwenye simu ya bei ya kati pale Rujewa hana sababu ya kuona wivu kwa mwenye simu ya milioni mbili anayecheza kwa picha za kupendeza. Akizima anachopaswa kuzima, anapata faida mbili kwa mkupuo mmoja. Lakini si kila kitu kinachozimwa kinaleta zote mbili, na hapo ndipo wengi hukosea.

Nitatumia PUBG Mobile kama mfano, kwa kuwa inachezwa sana kwenye simu za Android na menyu yake iko wazi. Majina ya setingi nitayaandika kama yanavyosomeka kwenye kioo, ingawa mpangilio wa menyu hubadilika kidogo toleo jipya likitoka.

Fungua Settings, kisha sehemu ya Graphics. Utakuta mistari miwili inayotegemeana. Wa kwanza ni ubora wa picha, unaoanzia Smooth, ukapanda Balanced, HD, HDR na kuendelea. Wa pili ni Frame Rate, yaani idadi ya picha zinazochorwa kwa sekunde. Humo High ni picha 30, Ultra ni 40, Extreme ni 60, na simu zenye nguvu hufunguliwa 90 au zaidi. Ukipandisha mstari wa kwanza, chaguo za wa pili hupungua. Simu nyingi za kawaida zikiwekwa HD huishia High, lakini ukizirudisha Smooth, Ultra inafunguka, na pengine Extreme.

Tuone tofauti hiyo ina maana gani. Kwa picha 30, picha moja inakaa kwenye kioo kwa milisekunde 33 hivi kabla ya inayofuata. Kwa 40 inakaa 25, kwa 60 inakaa karibu 17. Adui akitokeza kichwa pembeni mwa ukuta mara tu baada ya picha kuchorwa, hutamwona mpaka picha ijayo. Hizo milisekunde chache si nyingi kwa tukio moja, ila faida kubwa iko kwenye mwendo: mtu anayekimbia kuvuka barabara kwa picha 30 anaonekana akirukaruka, na kidole chako kinamfuata kwa kubahatisha. Kwa 60 anateleza, na jicho linamshika. Kwa hiyo anza na Smooth, halafu weka Frame Rate ya juu kabisa ambayo simu yako inaweza kuihimili. Neno la msingi hapo ni kuhimili, na nitalirudia nikifika kwenye joto.

Shadows nayo, kama simu yako inakupa chaguo, izime. Kivuli ni miongoni mwa kazi ghali zaidi kwa chipu ya simu, kwa sababu ili kujua mwanga unafika wapi, simu inalazimika kuichora sehemu ya mandhari mara ya ziada kwa jicho la jua. Vivuli vikiondoka, sehemu za chini ya miti na kando ya nyumba zinabaki na mwanga ulio sawa, na nguo za adui hazipati weusi wa kujifichia. Yapo unayoyapoteza, tusidanganyane. Kivuli cha mtu aliyesimama nyuma ya kona wakati mwingine humtangulia na kumchoma kabla hajatokeza. Kwa simu ya kawaida naona biashara hiyo bado inalipa, kwani hali hiyo hutokea kwa nadra, na kuganda kwa picha hutokea kila mapigano yanapokaribiana.

Sasa kuna kundi la setingi ambazo hazigusi kasi hata kidogo, na ndizo watu huziruka. Style hubadilisha tu rangi za picha iliyokwisha kuchorwa. Classic ni ya wastani, Realistic na Movie zinapooza rangi ili zifanane na sinema, na Soft inazilainisha. Colorful huongeza ukali wa rangi na tofauti kati ya cheusi na cheupe. Kwa kumtafuta mtu aliyevaa kahawia kwenye majani ya Erangel, mimi napendelea Colorful, maana majani yanazidi kuwa kijani na mtu anabaki na rangi yake. Kwenye Miramar, ambako ni jangwa tupu, upendeleo wangu unapungua: mchanga unang'aa kupita kiasi na macho yanachoka, hivyo Classic inaweza kukufaa zaidi.

Brightness ya ndani ya gemu iendane na uamuzi huo. Ipandishe mpaka uone pembe za chumba chenye giza, kisha simama. Ukiifikisha mwisho, sehemu zenye mwanga zinageuka nyeupe tupu na adui aliyesimama juu ya kilima akiwa na anga nyuma yake anamezwa. Njia nzuri ya kuipima ni kuingia uwanja wa mazoezi na mwenzako mmoja. Asimame ndani ya mlango wa nyumba, wewe ukiwa nje mbali kidogo, kisha ahamie kwenye mteremko unaopigwa jua. Mwangaza unaofaa ni ule unaokuwezesha kuziona kingo za mwili wake sehemu zote mbili. Usifanye kipimo hiki kwa kulinganisha picha za kioo ulizohifadhi, kwa sababu picha hizo hazibebi mwangaza wa kioo chenyewe.

Na kioo chenyewe kina mambo yake. Kile kichujio cha usiku kinachogeuza kila kitu kuwa njano kizime unapocheza, kwani kinaharibu kazi yote uliyoifanya kwenye rangi. Mwangaza unaojirekebisha wenyewe uzime pia, la sivyo wingu likipita simu itapunguza mwanga katikati ya mapigano. Ukicheza kibarazani mchana, kaa kivulini na uhakikishe nyuma yako kuna ukuta, si uwanja unaopigwa jua. Mwanga unaoakisiwa na kioo hupunguza tofauti ya rangi kuliko setingi yoyote inavyoweza kuiongeza.

Anti-aliasing ni mahali ambapo kasi na uonekanaji zinaachana njia. Kazi yake ni kulainisha kingo za vitu. Ukiizima, simu inapata nafuu, ila kingo za mbali zinakuwa na menomeno na zinametameta unapogeuka, na adui aliye umbali wa mita mia mbili ni vidoti vichache tu vinavyochanganyika na vidoti vya kichaka. Ushauri wangu: anza ikiwa imezimwa, cheza mizunguko kadhaa, na kama picha hazishuki, jaribu 2X. Zikianza kusuasua, irudishe ilivyokuwa. Auto-adjust Graphics nayo naizima, maana sipendi simu inibadilishie picha wakati naangalia kwenye skopu.

Sasa joto. Rujewa ipo kwenye bonde la Usangu, juu kidogo ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, wakati Mbeya mjini ni karibu mita 1,700. Anayecheza Mbeya amevaa sweta na anayecheza Rujewa mwezi wa Oktoba hawana simu moja, hata kama walinunua duka moja siku moja. Chipu ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiharibike. Dalili yake ni rahisi kuitambua: dakika kumi za kwanza gemu inateleza, halafu taratibu inaanza kukwama bila wewe kugusa chochote, na mgongo wa simu unaunguza. Ukiona hivyo, kosa si la ubora wa picha. Shusha Frame Rate ngazi moja. Picha 40 zisizoyumba ni bora kuliko 60 zinazoporomoka hadi 35 kila bomu la moshi linapolipuka, kwa sababu mkono wako unazoea mwendo mmoja. Toa kava la mpira, usicheze huku unachaji, na uzime hali ya kuokoa betri, kwani nayo hubana chipu kwa makusudi.

Utajuaje picha ngapi zinatoka kweli? Simu nyingi za siku hizi zina zana ya michezo inayovutwa kutoka pembeni mwa kioo ikiwa na kipimo cha FPS. Kiangalie wakati mzito, kama vile unaporuka kutoka kwenye ndege juu ya mji wenye watu wengi. Kukiangalia ukiwa umesimama porini peke yako hakukuambii kitu. Na kumbuka kwamba kioo cha hertz 60 hakiwezi kukuonyesha picha 90, hata gemu ikidai inazichora.

Usichanganye pia picha na mtandao. Ukigeuza kamera na dunia nzima inakwamakwama, shida ni simu. Kamera ikigeuka vizuri lakini adui anaruka kutoka hapa hadi pale, au unapiga risasi na hazihesabiki, shida ni mtandao: tazama namba ya milisekunde za ping kwenye kona ya kioo. Hapo hata ukishusha kila kitu, hutapata nafuu.

Kwa wachache wenye laptopu na Counter-Strike 2, kanuni ni ile ile isipokuwa kwenye vivuli. Weka Boost Player Contrast iwe Enabled, kwa kuwa inamtenganisha mtu na ukuta ulio nyuma yake kwa gharama ndogo mno. Shusha Shader Detail na Particle Detail hadi Low, na uzime Ambient Occlusion. Lakini Dynamic Shadows iache All kama mashine inavumilia. Katika ramani zile za kona nyembamba, kivuli cha adui huonekana sakafuni mara nyingi kuliko kwenye viwanja vipana vya PUBG, na wachezaji wazoefu hukitegemea.

Limebaki suala la majani. Kuna faili zinazozunguka kwa WhatsApp zikiahidi kuondoa nyasi zote au kufungua picha 90 kwenye simu isiyostahili. Faili ya kuondoa nyasi ni udanganyifu mbele ya sheria za gemu, na akaunti hufungiwa, mara nyingine kwa miaka 10. Isitoshe, nyasi huchorwa karibu na mchezaji tu. Kwa mbali simu haizichori. Aliyelala kwenye nyasi mita mia tatu kutoka kwako anadhani amefunikwa, kumbe kwenye kioo chako amelala juu ya ardhi tupu. Kwa hiyo badala ya kutafuta faili, panda kilima, tulia, na utazame mbali.